Watu Watatu kwa Siku Mbili: Mwongozo wa Mtu wa Haya Anayekwenda Kongamanoni Dodoma

Kwenye kongamano langu la kwanza Dodoma nilikunywa chai ya saa nne nikiwa nimejibanza nyuma ya nguzo, simu mkononi, nasoma meseji nilizokwisha kuzisoma. Siku ya pili nikajikaza. Nikazunguka ukumbini nagawa kadi kama mtu anayegawa vipeperushi stendi, na nikarudi nyumbani na kadi 14 za watu wengine. Wiki mbili baadaye nilizitandaza mezani, sikukumbuka hata sura ya mmoja. Hakuna aliyenipigia, na mimi sikumpigia mtu.

Tangu hapo naenda na hesabu ndogo: watu watatu kwa kongamano la siku mbili. Mtu wa haya, nguvu za kuzungumza na wageni zinamwisha mapema kuliko wenzake, kwa hiyo azipeleke mahali alipokwisha kupachagua. Sehemu kubwa ya kazi aifanye kabla ya safari na baada ya kurudi, kwenye daftari na kwenye simu, ambako haya haimpati.

Nitaeleza kwa mfano wa mdogo wangu wa kazini. Ni binti anayepokea mahindi kwenye ghala moja upande wa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Kazi anaijua, lakini mwambie asimame ajitambulishe uone sauti inavyopotea. Machi alitumwa Dodoma kwenye kongamano la hifadhi ya nafaka, na alitoka ghalani na shida moja tu: sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Kanda ya kati tunaijua habari hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi. Tatizo ni kwamba sumu haikai sawasawa kwenye mzigo. Punje chache za gunia moja zinaweza kuwa mbaya sana, na sampuli yako ikazikosa kabisa. Alitaka kujua sampuli anaichukuaje.

Wiki moja kabla: karatasi yenye mistari mitatu

Ratiba ya kongamano siku hizi inatumwa kwa WhatsApp siku chache kabla. Wengi wanaangalia chakula ni saa ngapi na posho inasainiwa lini, kisha wanaifunga. Wewe isome majina. Chagua watatu, na kwa kila mmoja andika vitu vitatu: anafanya nini, swali moja unalotaka kumuuliza, na kitu kimoja ambacho wewe unacho na yeye anaweza kukihitaji.

Hicho cha tatu ndicho watu wa haya wanachokiruka, kwa sababu tunajiona tunakwenda kuomba. Mdogo wangu naye alisema hana kitu. Nikamuuliza, mahindi yanayoingia kwako unayapima unyevu? Anayapima kila siku, na daftari lake lina miaka miwili ya vipimo: tarehe, kijiji yalikotoka, unyevu. Mtafiti anayekaa Morogoro hana daftari kama hilo.

Karatasi yake ikatoka hivi. Wa kwanza, mtafiti wa chuo kikuu kutoka Morogoro, mtoa mada wa siku ya kwanza: swali ni sampuli, cha kumpa ni daftari la unyevu. Wa pili, ofisa wa wizara kutoka Mji wa Serikali, Mtumba: swali ni mafunzo ya watunza ghala, cha kumpa ni ghala lenyewe, watu waje wajifunzie pale. Wa tatu, muuzaji wa mifuko isiyopitisha hewa: swali ni bei ya jumla, cha kumpa ni oda.

Uone hakuna mkurugenzi mkuu wala mgeni rasmi kwenye orodha. Mgeni rasmi anaingia, tunaambiwa itifaki imezingatiwa, anasoma hotuba, anaondoka na msafara. Nguvu zako usizimalizie pale. Mtafute yule anayeifanya kazi kwa mikono yake. Mara nyingi amekaa safu ya tatu au ya nne na hakuna anayemzonga.

Kisha mwandikie mmoja wao kabla ya kwenda. Kama ratiba ina baruapepe ya mtoa mada, ujumbe unatosha kuwa na mistari minne:

"Shikamoo Dokta. Naitwa fulani, napokea mahindi kwenye ghala moja Kongwa. Nimeona utatoa mada Jumanne kuhusu sumukuvu. Nina swali moja la uchukuaji wa sampuli kwenye magunia, nitakutafuta wakati wa chakula cha mchana kama hutajali."

Anaweza asijibu, na yule Dokta hakujibu. Lakini siku ya kukutana huanzi na ukimya. Unaanza na "mimi ndiye niliyekuandikia", na sentensi hiyo hata mtu wa haya anaiweza.

Sentensi yako moja

Kabla hujalala usiku wa kuamkia kongamano, tunga utakavyojieleza, na uiseme kwa sauti, siyo moyoni. Cheo hakimpi mtu pa kushika. Ukisema "mimi ni ofisa udhibiti ubora daraja la pili", atakujibu "oh, sawa", na mtabaki mnatazamana. Sema unachokishika kila siku na kinachokusumbua. Ya mdogo wangu ilikuwa: "Napokea mahindi ya wakulima Kongwa. Unyevu naweza, yakizidi asilimia 13.5 nayarudisha yakaanikwe. Kinachonishinda ni sampuli ya sumukuvu." Sekunde 15 hivi. Anayeijua kazi hiyo hawezi kukuacha hapo, lazima atauliza mzigo wa magunia mangapi.

Siku yenyewe: wahi

Ushauri huu unaonekana kinyume, kwa maana mtu wa haya hupenda kuingia watu wakishajaa ili asionekane. Fanya kinyume chake. Ratiba ikisema usajili saa 2:00, uwe pale saa 2:00, iwe ni ukumbi wa Jakaya Kikwete, Chimwaga kule UDOM au hoteli yoyote ya mjini. Ukumbi ukiwa na watu kumi hakuna makundi ya kuvunja. Wanaoingia baada yako ndio wanaokuja kukuuliza wewe, "samahani, hapa ndipo tunaposaini?" Umeshazungumza na mtu bila kuanza wewe. Na kwa kuwa mgeni rasmi kwa kawaida huchelewa, una saa nzima tulivu.

Kaa mwisho wa safu, siyo katikati, uweze kutoka bila kuomba njia kwa magoti ya watu wanane. Na usikae na uliyetoka naye ofisini. Najua inauma. Lakini mkikaa wawili mnaofahamiana, mtakunywa chai wawili, mtakula wawili, na mtarudi Kibaigwa wawili mkiwa mmesimuliana habari za Kibaigwa.

Kwenye chai tazama miguu ya watu. Wawili waliosimama uso kwa uso, vidole vya viatu vikielekeana, wana mazungumzo yao, waache. Waliosimama kama wameacha mlango wazi, au mtu aliye peke yake anageuza kijiko kwenye kikombe, hao unaweza kuwasogelea. Salamu fuata umri kwanza, cheo baadaye. Aliyekuzidi mpe shikamoo yake hata kama beji yake ina cheo kidogo kuliko chako. Rika lako "habari za asubuhi" inatosha. Mwenyeji ukimsalimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", hata kama ni neno lako pekee la Kigogo, atacheka na kukuuliza umetokea wapi.

Mtoa mada usimvamie mara tu anaposhuka jukwaani. Wakati huo ana watu saba mbele yake, wenye sauti kubwa kuliko yako, na mwenye ratiba anamvuta mkono. Ukiweza kuuliza kwenye kipaza sauti, uliandike swali na ulisome. Ukishindwa, usijilaumu. Andika swali, kisha mfuate kwenye foleni ya chakula au kwenye picha ya pamoja.

Kuhusu picha ya pamoja nina maoni makali kidogo: ndiyo nafasi bora kuliko zote kwa mtu wa haya, na watu wanaipoteza kwa kulalamikia jua. Watu wazima mia wanasimama kwa mistari dakika kumi bila kazi, mpiga picha anapanga warefu nyuma, kila mtu anamtania jirani yake. Unaruhusiwa kusimama ubavuni mwa mtu usiyemjua bila kutoa sababu. Tena baadaye picha ikitumwa kwenye kundi, una cha kumtumia: "Dokta, hii hapa, tupo mstari wa tatu."

Mdogo wangu alimpata Dokta hapohapo juani. Alisema sentensi yake. Dokta akauliza, magunia mangapi? Mia mbili. Akamweleza pale pale: mzigo ukiwa magunia kumi au pungufu, toa kwenye kila gunia, kuanzia kumi hadi 100, chagua kumi bila upendeleo, ukizidi 100, tafuta kipeuo cha pili cha idadi, kwa 200 ni 14 na kitu, chukua 15. Uchome juu, katikati na chini, uchanganye zote, na usage sampuli yote kabla hujapunguza ya kupeleka maabara. Binti alikuwa akisaga kikombe kimoja tu alichokwisha kukipunguza, ndiyo maana majibu yalikuwa yanaruka kila wiki. Mazungumzo yote hayakufika dakika sita.

Kuaga, na suala la namba

Wengi tunaogopa kuanza, kumbe kinachotuchosha zaidi ni kutojua kuondoka. Unabaki umesimama, maneno yamekwisha, mnatazama sakafu. Ondoka mapema, wakati mazungumzo bado yana joto, na uondoke kwa kuacha ahadi ndogo: "Dokta, nisikuchelewishe chakula. Daftari langu la unyevu nitakutumia ukurasa mmoja, uone kama litakufaa." Ahadi iwe moja, iwe ya kitu ulicho nacho tayari, na uweze kuitimiza ndani ya siku mbili.

Namba ya simu ombeni kwa sababu, hasa kati ya mwanamume na mwanamke. "Naomba namba yako" peke yake inasikika vibaya, na kila mmoja anabaki akijiuliza. "Naomba namba unayotumia kazini, nikutumie ule ukurasa" haina utata. Iandike namba yako kwenye simu yake akubipu, au akutajie yake umbipu palepale, namba iingie kote kuwili. Halafu ihifadhi kwa maelezo siyo kwa jina tupu. Kwenye simu ya mdogo wangu iliandikwa "Dkt sampuli Moro, Dodoma Machi". Baada ya mwaka ana namba za Dokta watano, lakini wa sampuli ni mmoja.

Ukishaachana naye, toka nje kabla ya dakika kumi. Tafuta kivuli, andika mistari mitatu: alichosema, ulichomwahidi, alichokuahidi. Utasikia kichwani sauti inayosema umeongea ovyo, umetetemeka, amekuona mjinga. Sauti hiyo ipuuze kwa sababu imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa saikolojia walichapisha matokeo ya kuwakutanisha watu wasiofahamiana na kuwauliza kila mmoja anadhani mwenzake amempenda kiasi gani. Kwa wastani watu walijikadiria chini kuliko walivyopendwa kweli, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wenye haya.

Kisha pumzika. Siyo lazima uhudhurie kila kikao. Mada moja ya mchana iruke, uende ukakae mahali pa kimya. Chakula cha usiku nenda, kaa kwa muda wa saa moja tu, uondoke. Kuna watakaokwambia mambo makubwa hupangwa usiku kwenye nyama choma. Huenda ni kweli kwao.

Saa 48 za kwanza baada ya kurudi

Kazi nyingi nzuri hufia hapa, na mara nyingi zinauawa na neno moja: "Habari." Mtu anatuma "Habari", anasubiri ajibiwe "Nzuri", ndipo aseme yeye ni nani. Mwenye kazi akiona neno hilo kutoka namba asiyoijua hupita. Tuma yote kwa pamoja, salamu, wewe ni nani, mlikutana wapi, ahadi yako, na usimbebeshe swali jipya:

"Shikamoo Dokta. Ni yule binti wa ghala la Kongwa, tulisimama pamoja kwenye picha Jumanne. Nilikuahidi ukurasa wa vipimo vya unyevu, huu hapa, ni wa Juni na Julai mwaka jana. Nimeanza kuchukua kwenye magunia 15 kama ulivyoelekeza. Nitakujulisha majibu yakitoka. Asante sana."

Maandishi, tafadhali, siyo sauti ya dakika nne. Mtu aliye kikaoni hawezi kuisikiliza, na akitoka ameshaisahau. Na kuanzia siku hiyo namba hiyo isipate picha za "asubuhi njema", wala isiingizwe kwenye kundi lolote bila kuulizwa. Nimewahi kuingizwa kwenye kamati ya harusi na mtu niliyezungumza naye mara moja kwenye foleni ya wali. Nilichanga, lakini simu yake sikupokea tena.

Ujumbe wa pili ndio wenye uzito kuliko wa kwanza, na karibu hakuna anayeutuma. Wiki mbili au tatu baadaye mweleze ushauri wake ulizaa nini. Mdogo wangu aliandika kwamba mizigo miwili iliyopimwa kwa utaratibu mpya, kila mmoja mara mbili, ilitoa majibu yanayokaribiana, na wa tatu ulizidi kiwango ukatengwa. Hakuomba kitu. Dokta, ambaye baruapepe ya kwanza hakuijibu, alijibu ndani ya saa moja, na akaomba kurasa zaidi za daftari.

Baada ya hapo inatosha mara mbili au tatu kwa mwaka, ukiwa na jambo. Huna haja ya kuwa rafiki yake. Mwaka 1973, mwaka uleule ulipofanywa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha uchunguzi wa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara hawakufika 17 kwa kila 100. Waliobaki walikuwa wakionana naye mara chache, au kwa nadra sana. Rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Habari mpya iko kwa mtu wa mbali kidogo.

Asipojibu

Kabla hujakata tamaa, tazama kalenda. Dodoma ina msimu wake. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika Juni, na katika miezi hiyo ofisa wa wizara analala na majibu ya maswali ya wabunge. Ofisa wa Mtumba alisoma ujumbe wa mdogo wangu mwanzoni mwa Aprili, tiki zikawa za bluu, kimya. Mdogo wangu alikuwa ameshajiandaa kufuta namba. Nikamwambia asubiri, aandike tena Julai, ujumbe mfupi usio na lawama. Maneno kama "naona uko kimya" au "sijui kama nimekukosea" yaondoe kabisa. Julai 8 alituma mistari mitatu, akikumbushia ghala kama mahali pa mafunzo. Alijibiwa siku iliyofuata: "Pole, tulikuwa bungeni. Bado ghala lipo?"

Kanuni yangu ni ujumbe wa kwanza, kisha wa pili baada ya siku saba za kazi, au baada ya msimu wake wa shughuli kupita. Wa tatu situmi. Namba inabaki kwenye simu pamoja na maelezo yake, maana tunaweza kukutana tena kongamano lijalo, na sitaki kumwona nikakumbuka meseji tano alizozinyamazia.

Muuzaji wa mifuko hakujibu kamwe. Lakini Septemba Dokta aliandika mwenyewe, akaleta namba ya mtunza ghala mmoja wa Kondoa aliyekuwa na shida ya sampuli. "Nimemwambia akutafute wewe," alisema. Jioni ile mdogo wangu akaniletea simu nisome ujumbe wa yule mtu wa Kondoa. Ulikuwa na neno moja tu, "Habari." Alifikiri kidogo, akaketi, akaanza kuandika: mzigo wako ni wa magunia mangapi?